Masharti Niliyoyapiga Chapa Mwenyewe

Karatasi iliyonikataa niliipiga chapa kwa vidole vyangu mwenyewe, herufi kwa herufi, mbele ya wazee sita waliokuwa wakinywa chai. Ilikuwa Arua, Uganda, mwaka wa sabini na nne, nyumbani kwa Mzee Tahiru, askari mstaafu wa enzi za Waingereza. Miaka imepita na bado naweza kusema ni mzee gani alicheka kwanza.

Mimi ni Lukumani. Shule sikuiona. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari dukani kwa Mhindi, na Wahindi walipofukuzwa nikaweka meza yangu kwenye baraza la duka hilohilo lililofungwa, na taipureta niliyoachiwa na karani mmoja wa pamba. Niliandika barua za watu. Niliandika pia malalamiko: dhidi ya chifu aliyekula mabati ya msikiti, dhidi ya mkaguzi wa soko aliyepiga wauza muhogo wa Ayivu. Watu waliniita mutu ya maneno. Wengine walivuka barabara wakiniona, maana siku zile maneno yalikuwa yanaua.

Medina binti Tahiru alikuwa akifuma vifuniko vya chakula, vile vya rangi vya mama zetu wa Kinubi, na kuviuza sokoni mkabala na meza yangu. Kwa mwaka mzima nilimtazama. Akibishana na wateja sauti yake ilinifikia juu ya mlio wa taipureta. Nikatuma posa.

Sasa, Mzee Tahiru alikuwa na utaratibu wake. Wachumba walikuwa wengi, na yeye alizoea amri za kambini. Kwake binti haulizwi "unamtaka fulani?" Binti anataja masharti mbele ya wazee kabla ya kuonyeshwa mtu yeyote, masharti yanaandikwa, binti anaweka kidole, na mchumba anapimwa kwa karatasi kama mtu anayeingia jeshini. Anayetimia hakataliwi. Asiyetimia haingii. Na kwa kuwa mwandishi wa barua mtaani alikuwa mmoja tu, waliniita mimi, mchumba mwenyewe, niyapige chapa.

"Lukumani, wewe iko tayari?" aliuliza Mzee Tahiru.

"Niko tayari, Mzee."

Medina alikaa nyuma ya shangazi yake, Hajati Sadiya, macho chini. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sokoni sijawahi kuisikia. Anataka mtu aliyesoma hadi cheti. Mwenye kazi ya mshahara, siyo ya kubahatisha. Mtu mtulivu, asiyepiga kelele. Mrefu kumpita yeye. Mtu wa nyumbani, siyo wa safari. Wa swala tano, asiyevuta sigara.

Nilipofika kwenye "asiyepiga kelele" mzee mmoja, Obeti, aliyesilimu zamani na hakuacha utani wa ukoo wake, akakohoa chai puani. "Hii karatasi," akasema, "inamjua mutu!"

Wakacheka wote. Cheti sina. Mshahara sina. Kelele ndiyo kazi yangu. Na Medina ananipita urefu kwa nusu kichwa. Nikamaliza, nikatoa karatasi, akaweka kidole chake cha wino pale chini. Kisha Mzee Tahiru akaniambia kwa upole, na upole ule ndio uliochoma: "Umesoma mwenyewe, mwanangu. Mimi sina la kuongeza."

Nilikwenda nyumbani na nakala ya kaboni mfukoni. Usifikiri nililia. Nilipanga.

Nilikuwa na daftari. Kila aliyekuja mezani kwangu kuandikiwa barua ya uchumba nilimwuliza kwanza, "Unataka mtu wa namna gani?" Nikaandika jibu. Na kwa kuwa Arua ni ndogo na mimi sisahau, baadaye niliandika upande wa pili alioana na nani. Watu arobaini na mmoja. Kitu cha kwanza nilichokiona: majibu yalifanana kama sare. Mpole, msomi, mchapakazi, mcha Mungu. Wanaume vilevile, wanawake vilevile. Hakuna aliyekuwa akisema lake. Kila mmoja alisema jambo ambalo likisikiwa na mama yake halimtii aibu. Cha pili: upande wa kushoto wa daftari haukujua chochote kuhusu upande wa kulia. Konstebo mmoja aliapa hataki mwanamke mjane, akaoa mjane mwenye watoto watatu, kwa sababu walikaa benchi moja zahanati kwa siku nne na mjane alimchekesha kwa kumwigiza daktari. Mwuza chumvi, Yangi, mkimbizi kutoka Sudan, alitaka msichana wa kwao tu, Mbari kama yeye, wa kanisa lake. Akachukua Mlugbara aliyekuwa akimwibia kivuli sokoni kila asubuhi.

Na cha tatu, ambacho nilikiona kwa kuchelewa: waliochagua kwa barua na picha walishika masharti yao vizuri sana. Mtu akiwa mbali, karatasi inatawala. Unampima kwa maneno kwa sababu huna kingine cha kumpimia. Akikaa mbele yako, akicheka, akikukatiza, akikukasirisha kidogo, maneno yote yanakaa pembeni kama wageni waliokuja bila kualikwa. Wala mtu hajui kwamba yamekaa pembeni. Muulize yule konstebo. Alisema, "Nilitaka mpole. Huyu ni mpole." Mjane yule alikuwa na ulimi wa kukata kuni! Hakubadilisha mke, alibadilisha maana ya upole.

Basi nikajua Medina kasema uongo, hata kama hakujua. Nikaamua: nitamletea mtu wa karatasi yake. Mzima mzima, bila kasoro. Naye atamkataa. Na siku hiyo, mbele ya wazee walewale sita, nitasimama na nakala yangu niisome, nao wataona kuwa nilifukuzwa kwa hukumu ya uongo. Nilitaka aseme kwa kinywa chake: nilikuonea.

Mtu mwenyewe nilimpata Koboko. Mwalimu Asuman, wa shule ya msingi. Cheti cha ualimu, Grade Two, kwenye fremu ukutani. Mrefu kama nguzo ya simu. Kila mwezi mshahara. Jioni nyumbani, na redio chini kabisa. Nikamwandikia barua nzuri, nikamweleza habari za binti, na masharti yote. Akajibu kwa mwandiko uliolala upande mmoja: "Anastahili kufikiriwa." Yeye naye alikuwa na masharti yake: mwanamke anayejua kusoma, safi, mwenye familia ya dini. Medina alikuwa nayo yote. Nikacheka peke yangu barazani mpaka mwuza ndizi akasogeza beseni lake.

Ijumaa baada ya swala nikamleta. Basi la Koboko lilikuwa limekufa wiki hiyo, kwa hiyo tukapanda lori la Kenyi.

Kenyi alikuwa Mkakwa wa Ludara, mfupi, mwenye mabega ya kubebea magunia, na sigara sikioni. Hakujua kusoma hata vibao vya barabarani. Alizijua njia kwa miti na madaraja. Kutoka Koboko hadi Arua aliimba, alitukana mashimo, alisalimia kila mwanamke mwenye mtungi. Mwalimu Asuman alikaa katikati yetu na begi lake magotini, kimya, akipangusa vumbi kwenye vioo vya miwani.

Tulipofika mlangoni kwa Mzee Tahiru, rejeta ya lori ilikuwa ikitoa mvuke. Mwalimu akaingia ndani kwa wazee. Kenyi akabaki nje akapiga kelele: "Hodi! Mwenye nyumba! Gari iko na kiu!"

Medina ndiye aliyetoka na maji. Mimi nilikuwa nimesimama uani, karibu na mlango, nione.

"Haya ni nusu mtungi," Kenyi akasema. "Dada, unanipa maji ama unanionyesha?"

"Gari lako ndilo lenye kiu ama wewe?"

"Sisi wote wawili. Lakini gari iko na adabu, haisemi."

"Basi jifunze kwa gari."

Medina akacheka. Siyo kile kicheko cha kufunika mdomo kwa shela. Alicheka kwa mabega. Kenyi akamimina maji, akaruka nyuma mvuke ulipomrukia, akalaani kwa Kikakwa, na Medina akamwambia kwa Kikakwa hichohicho kwamba mama yake angesikia angempiga. Kenyi akasimama na mtungi mkononi akamtazama kama mtu aliyesikia jina lake katika nchi ya watu.

Ndani, chai ya mwalimu ilipoa. Hajati Sadiya akamwita Medina mara mbili.

Alipoingia, alikaa vizuri, akajibu vizuri. Mwalimu akamwuliza anasoma nini. Akasema magazeti, akipata. Mwalimu akasema magazeti yana makosa mengi ya lugha. Akamwuliza anapenda kufuma, akasema ndiyo. Mwalimu akasema ni kazi njema. Kila jibu lilikuwa sahihi. Hakuna lililozaa lingine. Walikaa nusu saa, nami nilihesabu mara alizoangalia dirishani: kumi na moja.

Hapo ndipo mpango wangu ulipokuwa mkubwa kuliko nilivyoupanga. Ningeweza kumtafuta dereva mwingine. Sikutaka. Ijumaa tatu zilizofuata nilimleta mwalimu kwa lori lilelile, nikamwambia Kenyi, "Ngoja hapo nje, hatutakaa." Na tulikaa. Mara ya pili Kenyi alileta mihogo ya Dranya, akabishana na Medina kuhusu namna ya kuimenya. Mara ya tatu alimuuliza kwa nini vifuniko vyake vina rangi nyekundu katikati, yeye akaeleza, Kenyi akasema ni uongo, wakagombana kweli, na baadaye nikamwona Medina amekaa kwenye ngazi ya lori akimwonyesha kwa kidole uzi unavyopita. Saa nzima. Mwalimu hakumwuliza kamwe swali ambalo jibu lake hakulijua.

Na mimi nikafurahi. Nisikufiche. Medina hakuvunja sharti moja tu. Alikuwa akiyavunja yote sita kwa mtu mmoja. Asiyesoma, asiye na mshahara, mpiga kelele, mfupi, mtu wa safari, mvuta sigara. Kwenye swala nilimwona mara moja, safu ya nyuma, amechelewa.

Ijumaa ya nne Mzee Tahiru akaketisha wazee. Mwalimu Asuman akakaa kwenye kiti chenye mto. Mzee akasema, "Medina, mutu wa karatasi amekuja. Sisi tumempima. Ametimia. Unasemaje?"

Kenyi alikuwa nje, akigonga tairi.

"Simtaki, baba."

"Kosa lake nini?"

"Hana kosa."

Wazee wakatazamana. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kwa haki, niseme: hakuonekana mtu aliyeumia. Alionekana mtu aliyeambiwa somo limefutwa.

Nikasimama. Nilikuwa nimengoja miezi saba. Nikaifungua nakala ya kaboni na kusoma kwa sauti ile ninayotumia sokoni, sharti baada ya sharti, na baada ya kila moja nikageukia dirisha.

"'Aliyesoma hadi cheti.' Yule nje anasoma nini, Medina? 'Asiyepiga kelele.' Wazee, mnamsikia? 'Mrefu kumpita yeye.' 'Mtu wa nyumbani.'" Nikaweka kidole kwenye alama yake ya wino. "Hiki ni kidole cha nani? Mimi nilifukuzwa kwa karatasi hii. Mlicheka. Mzee Obeti, ulimwaga chai. Leo anamtaka mtu asiye na hata moja. Nani alidanganya hapa? Nataka aseme."

Hajati Sadiya akaweka mkono mdomoni. Mzee Tahiru akakunja uso. "Medina. Ni kweli? Huyu dereva?"

Medina akainua macho. Sauti haikuwa ile ya nyuma ya shangazi. Ilikuwa ya sokoni.

"Ni kweli."

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Sikudanganya, baba. Mliniuliza nieleze mtu ambaye hayupo. Mtu ambaye hayupo anaelezwaje? Nilitaja vitu vizuri. Kila mtu anavijua vitu vizuri. Nilifikiri wewe utafurahi, na shangazi hatatahayari, na mimi mwenyewe niliamini. Ungeniuliza jana ningekuambia vilevile, mrefu, mtulivu. Mwalimu alipoingia niliona vyote viko. Nikangoja. Nikasema labda wiki ijayo. Kama mtu anayengoja usingizi. Haukuja. Na yule nje nilikuwa nimemaliza kugombana naye kabla sijakumbuka kumpima."

"Unaona!" nikapiga kelele. "Amekiri! Karatasi haikuwa na maana! Nilikataliwa kwa karatasi isiyo na maana!"

Akanigeukia. Siwezi kusema alinichukia. Ningependa iwe hivyo.

"Lukumani, kaka yangu," akasema. "Ulitaka kujua, basi sikia. Wewe nilikujua mwaka mzima. Meza yako iko mbele ya macho yangu. Nilikusikia ukisema, nikakuona ukila, nikakuona ukikasirika. Ningekutaka, ningesahau karatasi, kama nilivyosahau leo. Ile karatasi ilikulindia heshima yako. Ilisema huna cheti, basi. Wewe umekuja kuichana mbele ya watu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilisimama pale na kaboni mkononi. Miezi saba nilikuwa nimejenga ushahidi kwamba watu hawachagui kwa masharti, na nilikuwa nimeujenga vizuri, shahidi kwa shahidi, mpaka haukuwa na tundu hata moja la mimi kutokea. Kama sikukataliwa kwa cheti, nilikataliwa kwa kuwa Lukumani. Na daftari langu lote lilikuwa likimuunga mkono yeye.

Obeti ndiye aliyenishika mkono kunitoa nje. "Pole, mwanangu," akasema, na nikautoa mkono wangu.

Unafikiri niliishia hapo? Hunijui.

Baada ya wiki Kenyi akaja mezani kwangu, kofia mkononi. Mzee Tahiru alikuwa amemfungia mlango; kasema apeleke posa kwa maandishi kama watu wengine. "Na mwandishi iko wewe tu," Kenyi akasema. Sijui kama alijua yote. Nadhani alijua, akaja vilevile. Hilo nalo nililihesabu dhidi yake.

"Kabla ya Medina," nikamwuliza, kwa mazoea, "ulitaka mwanamke gani?"

Akajikuna kidevu. "Mimi? Mupole. Asiye na maneno mengi. Mwenye kujua kupika." Akacheka mpaka sigara ikaanguka sikioni. "Huyu alinipikia juzi kwa shangazi yake. Ndugu, mbwa wa Ludara angeomba msamaha."

Nikaweka karatasi. Na hapa ndipo nilipotumia kila kitu nilichokijua. Ningeweza kumtungia uongo mzuri, hakujua kusoma. Ningeweza kumtukana mzee kwa jina la Kenyi. Sikufanya. Niliandika kweli tupu. "Sijui kusoma. Sina mshahara. Nyumba yangu ya Ludara haina bati. Naishi njiani. Navuta sigara. Ni mfupi kuliko binti yako." Hakuna kicheko ndani yake, hakuna mabega, hakuna mihogo ya Dranya. Mtu mzima nilimkausha akawa mistari sita. Penye karatasi watu wanachagua kwa karatasi, na kwenye karatasi Kenyi alikuwa si kitu. Akaweka kidole. Nikaipeleka mwenyewe, nikamsomea Mzee Tahiru neno kwa neno, nikimtazama usoni.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba nirudie mstari wa bati. Nikarudia.

"Hii yote ni kweli?"

"Kweli tupu, Mzee. Sikuongeza."

Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Akaijaribu meza kwa kiganja. Ikatulia.

"Mwambie aje mwenyewe," akasema. "Aje Ijumaa, akae hapa nimwone anavyokula. Karatasi nimeshiba. Na wewe, Lukumani, usimlete. Anaijua njia."

Wakaoana mwezi wa saba. Sikualikwa, na nilisikia ngoma kutoka barazani, kila pigo.

Kesho yake asubuhi akaja koplo mmoja wa kambini, Marino, buti zinang'aa, anataka barua kwa binti wa Koboko ambaye hajamwona. Akakaa. Akataja: awe mpole, amesoma kidogo, asiwe na maneno mengi, awe mrefu wastani, mcha Mungu. Alisema kwa uhakika, kidole kimoja kikipiga meza, kama anayeagiza chakula.

Ningeweza kumwambia. Ningesema: koplo, acha barua, panda lori, kakae naye benchi moja siku nne. Maneno mawili tu, na angeepuka yaliyonipata mimi.

Nikaweka karatasi mpya, na kaboni nyuma yake.

"Endelea, afande," nikamwambia. "Rangi je? Ya rangi hujasema."